Buti za Mama

Mama alikuja kazini kwangu Jumamosi moja asubuhi akiwa amevaa gambuti zake za kuchumia chai, akasimama mlangoni mwa zizi na kuniambia kwamba siku hiyo anataka kupanda farasi.

Nilikuwa nimeinama nikisafisha kwato za farasi jike mmoja wa kahawia. Niliinuka polepole, kwa sababu nilidhani nimesikia vibaya.

"Kupanda nini?"

"Huyu," akasema, na kumwelekezea kidole huyo jike. "Si ndiye mpole?"

Mimi nafundisha watu kupanda farasi katika shamba dogo upande wa barabara ya Kericho kwenda Sotik. Mwenye shamba ni daktari wa mifugo aliyestaafu, na farasi ni watano. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wanaoletwa na wazazi wao siku za mapumziko, na wageni wachache wanaotaka kuzungushwa katikati ya chai wapigwe picha. Mama alizoea kuja Jumamosi akiniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, ndani ya kibuyu, anasimama kwenye ua dakika kumi, anauliza farasi wanakula nini kwa siku, anatikisa kichwa kwa hicho chakula chote kinachokwenda kwa mnyama asiyetoa maziwa, kisha anarudi kwa ng'ombe wake. Ana ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe watatu, na miaka sitini na minane. Hakuwahi hata siku moja kugusa farasi.

Nilimuuliza kimemwingia nini.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana, alikuwa akichuma chai pamoja na mama yake katika mashamba makubwa, na wakubwa wa siku hizo walipita na farasi katikati ya mistari. Wakipita, wachumaji walitakiwa kujibana ndani ya vichaka na vikapu vyao mgongoni mpaka farasi apite. Anachokumbuka ni tumbo la farasi na buti ya mtu, nyeusi, inang'aa, iko sawa na macho yake.

"Maisha yangu yote nimeona chai kutoka chini," akasema. "Nataka tu nijue inaonekana aje kutoka huko juu. Nikishajua, nitashuka."

Angeniomba jambo lolote lingine kwa sauti ile ningempa papo hapo. Lakini niliitazama miguu yake.

"Mama, na gambuti hapana."

Hapo ndipo tulipoanza kugombana.

"Hizi? Nimevaa hizi miaka arobaini. Nimeshuka nazo mteremko na kikapu mgongoni, mvua inanyesha. Zimeniangusha mara ngapi?"

"Hazijakuangusha kwa sababu zinashika. Mimi hiyo kushika ndiyo siitaki."

Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyesomeshwa akapotea. Basi nikaona maneno hayatatosha. Tulikuwa na tandiko moja kuukuu tulilolifunga juu ya gogo, la kuwafundishia watoto kabla hawajapanda mnyama mwenyewe. Pembeni yake vimening'inia vikuku, zile pete za chuma ambamo mpanda farasi hutia mguu. Nilimwomba avue gambuti moja, nikaivaa mwenyewe, nikapanda gogo na kuuingiza mguu katika kikuku. Gambuti ile ilikuwa pana, ikaingia kwa kubanwa. Kisha nikajifanya naanguka, nikajiachia upande wa pili.

Nilishuka mimi, mguu ukabaki juu. Meno ya soli yaliuma kile chuma. Nikawa nimelala chali kwenye vumbi, mguu mmoja hewani, navuta na hautoki, na tandiko likaanza kunifuata kwa upande.

"Sasa huyu ni gogo," nilisema nikiwa chini. "Gogo limesimama. Farasi hasimami."

Mama hakucheka. Alikuja akaninasua kwa mikono yake miwili, na alipokuwa akiivuta ile gambuti akauliza, bila kuniangalia:

"Wewe umejuaje?"

Sikuwa nimepanga kumwambia. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, nilipokuwa bado napanda na raba za kawaida kwa sababu sikuwa na kiatu kingine. Raba haina kisigino. Farasi aliruka mtaro, mguu wangu ukateleza mbele ndani ya kikuku mpaka kifundo kikapita upande wa pili, na nilipoanguka nikaburutwa. Haikuwa mbali, mtunzaji wa farasi wa wakati huo alikuwa karibu na alimshika hatamu. Lakini nilikaa wiki tatu nikilalia ubavu mmoja, na Mama nilimwambia kwamba niliteleza bafuni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa gambuti yake, akachukua kibuyu kitupu cha Jumamosi iliyopita, akaenda zake bila kuaga. Jioni alinipigia simu.

"Bafuni," akasema.

"Mama, nilijua utanikataza kazi."

"Ningekukataza. Buti nzuri zinauzwa wapi?"

Shambani tuna buti za kuazima, jozi saba au nane zilizoachwa na watu mbalimbali. Jumamosi iliyofuata tulizijaribu zote. Miguu ya Mama imepanuka mbele kama jani la mgomba kwa miaka ya kushika matope, na kidole gumba kimoja kimetoka kando. Ile iliyomtosha vidoleni ilipwaya kisiginoni. Ile iliyokaa vizuri chini ilikataa kupanda shavu la mguu. Moja ilimpita goti kabisa akawa hawezi kukunja mguu, akatembea nayo uani kama korongo ili anichekeshe.

Basi tukaenda Sotik kwa fundi.

Ni mzee ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, na amekuwa na kibanda chake karibu na soko tangu nikiwa shule ya msingi. Anatengeneza viatu vya shule, anashona mikoba, na ndiye anayetushonea mikanda ya matandiko ikikatika. Buti za kupandia farasi hakuwahi kuzitengeneza, lakini nilimpelekea moja ya zile za shambani aitazame, pamoja na kikuku kimoja. Aliigeuza buti mara nyingi, akaikunja, akainusa.

"Hii kazi naiweza," akasema. "Mama, nipe mguu."

Mama akaona haya. Alikuwa ameoga na kujipaka mafuta, lakini alipotakiwa kukanyaga karatasi akakunja vidole ndani kama mtu anayeficha kitu. Fundi alipiga goti, akachora kuzunguka mguu kwa penseli taratibu, akafika pale kwenye kile kidole kilichotoka, akakizunguka bila kukata kona.

"Huu mguu umefanya kazi," alisema tu, kwa heshima, na vidole vya Mama vikanyooka.

Alipima pia shavu la mguu, kila mguu peke yake, kwa sababu wa kulia ulikuwa mnene zaidi. Kisha akamkalisha, goti limekunjwa, akapima kutoka sakafuni mpaka mkunjo wa nyuma ya goti. Nilimwambia aishushe shingo ya buti vidole vitatu chini ya mkunjo huo, kwa sababu Mama ni mfupi na sikutaka imchome akikunja mguu.

"Mwalimu," fundi akasema, "hii ngozi ni mpya. Akitembea nayo itajikunja hapa kwa kifundo, ishuke. Nikikata unavyosema, baada ya mwezi itakuwa nusu ya mguu."

"Itamuuma nyuma ya goti."

"Itamuuma kidogo, halafu itakaa. Lakini ikiwa fupi, si itashikwa na lile tandiko?"

Alikuwa amesema kweli. Ukingo wa buti fupi hunaswa na ngozi ya pembeni ya tandiko kila mguu unaposogea. Na shingo ndefu ina kazi yake: mkanda unaoshikilia kikuku hupita pale pale kwenye shavu la mguu, na mguu usiofunikwa vizuri hubanwa na kuchunika. Hata hivyo nilibishana naye, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa farasi. Mama alitusikiliza, akasema afuatwe fundi, kwa kuwa ndiye mwenye kisu.

Baada ya majuma mawili fundi akapiga simu. Tulikuta buti zimesimama juu ya meza yake, rangi ya chai iliyokolea, zimepigwa rangi mpaka unaona dirisha ndani yake. Mama alishika mdomo.

Kisha nikazigeuza nione chini.

Soli ilikuwa ya mpira mnene, yenye mitaro mikubwa, na hakukuwa na kisigino. Fundi aliifanya ianze nyembamba kwenye vidole na ipande polepole mpaka nyuma, mteremko mmoja bila kidaraja chochote.

"Nilifikiria mama," akaeleza kwa furaha. "Mtu wa umri huu, kisigino kilichoinuka kinaweza kumwangusha kwa matope. Hii ni laini, inashika chini, hachoki mgongo."

Mama alikuwa tayari amevaa ya kushoto na anauzungusha mguu wake kama bibi arusi.

"Fundi, ni nzuri sana. Lakini hapana, haifai."

"Wacha hiyo," Mama akasema haraka. "Ni nzuri. Mimi nazitaka hivi hivi."

"Mama."

"Mzee wa watu amefanya kazi wiki mbili, wewe unaangalia chini kama askari wa barabara!"

Fundi alikuwa amesimama, kitambaa mkononi. Niliomba kamba. Nilikifunga kikuku kwenye msumari wa juu ya mlango, kikaning'inia usawa wa kiti, nikamwomba Mama akae, atie mguu na kusukuma mbele kidogo, kama mtu anayejishikiza farasi akikimbia. Alisukuma. Mguu ukapita, laini kabisa, mpaka chuma kikagonga kifundo mbele. Akajaribu kuurudisha nyuma na ile mitaro ikashika, kikuku kikageuka upande, akabaki pale mlangoni mguu umenaswa, huku mteja mmoja na mkoba wake akisubiri kupita.

Mama aliutazama mguu wake pale kwenye chuma.

"Fundi," akasema polepole, "hivi ndivyo mtoto wangu alivyoburutwa."

Nilimwonyesha fundi ile buti ya shambani upya. Kisigino chake si kirefu, ni kama urefu wa pingili moja ya kidole gumba, lakini upande wake wa mbele umesimama wima, kama ukuta mdogo. Mguu ukiteleza mbele, ule ukuta unagonga kikuku na kuuzuia. Soli ya mbele ni bapa, karibu laini, ili mtu akianguka mguu uchomoke nyuma bila kuulizwa. Na upana uwe wa kubakisha nafasi ya kidole pande zote mbili za mguu ndani ya chuma. Ikibana hautoki, ikipwaya sana mguu mzima unapita.

"Kwa hivyo kisigino kinakataa kuingia," fundi akasema, "na soli inakubali kutoka."

Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kulisema jambo hilo vizuri hivyo.

Alipima upana wa kikuku kwa rula, akapima buti, akatikisa kichwa. Mguu wa Mama ulikuwa mpana kuliko vikuku vyetu vyote isipokuwa jozi moja, kwa hiyo ikawa hiyo ndiyo yake. Kisha akachukua kisu na kuanza kuibandua ile soli aliyoishona kwa mikono yake. Mama aligeuza uso kwa huruma. Mimi niliomba msamaha, na fundi akanijibu, "Ni vizuri imenaswa hapa. Msumari haukimbii."

Tulipozipata tena zilikuwa na soli ya ngozi iliyofunikwa mpira mwembamba, na kisigino kifupi kilichokatwa wima mbele kwa uangalifu wa mtu aliyetahadharishwa. Shingo zilifika juu, karibu na mkunjo wa goti, kama alivyotaka fundi. Wiki ya kwanza Mama alilalamika kila siku. Alizivaa akipika, akilisha kuku, hata akinipigia simu alikuwa akinitajia goti. Aliweka pamba nyuma. Lakini wiki ya tatu ngozi ilijikunja pale kifundoni na kushuka karibu vidole viwili, ikakaa mahali pake. Nilipomwambia fundi alifurahi kupita kiasi.

Nilimfundisha Mama kama ninavyomfundisha mtu yeyote, ila nilipata shida kumkaripia. "Kisigino chini, Mama. Chini zaidi. Kanyaga kikuku kwa hapa, chini ya vidole, si katikati." Alinijibu kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kutembea na yeye hakunipigia kelele. Alimshika jike yule manyoya ya shingo kwa mikono miwili na kumsemesha kwa Kipsigis maneno yale yale anayomwambia ng'ombe wakati wa kukamua. Yule jike alizungusha masikio nyuma, amsikilize.

Siku nilipoona yuko tayari, tulitoka uwanjani. Nilitembea kwa miguu mbele nikishika kamba, yeye juu na kofia yake ngumu iliyomfanya aonekane mdogo, tukaingia katika kijia cha nyasi katikati ya chai ya jirani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na vichaka vilikuwa vinang'aa. Sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu pumzi yake.

"Ni bapa," akasema hatimaye.

"Nini?"

"Chai. Nilifikiri ni vichaka. Kumbe kutoka huku ni kama mkeka." Halafu, baada ya hatua kadhaa: "Na unaona migongo ya watu. Sura huoni. Ndiyo maana hawakuwa wanatusalimia."

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mbele yetu mchumaji mmoja aliinuka ghafla kutoka mstarini, na aproni yake ya plastiki ikapigwa na upepo, ikatoa mlio mkali. Jike akaruka upande. Kamba ilinichoma kiganja na kunitoka. Nilipogeuka, Mama alikuwa tayari anaenda, polepole kabisa kama gunia linaloteleza kwenye mkokoteni, mkono mmoja bado umeshika manyoya, kisha haukushika tena.

Nilikuwa natazama mguu wa kushoto. Sikutazama kichwa, wala mkono. Nilitazama mguu ule tu. Kikuku kiliinuka nao, kikageuka, na kwa muda ambao hauwezi kuwa zaidi ya kupepesa jicho buti ya rangi ya chai ilikuwa bado ndani yake. Kisha ikachomoka. Ilitoka yenyewe, vidole vikiwa vya mwisho, bila kuvutwa na mtu. Jike akatimua mbio mbele mpaka kwenye kona, vikuku vitupu vikimgonga mbavuni, na Mama akabaki ameketi kwenye nyasi pale pale alipoangukia.

Nilimfikia mbio. Nilimshika mabega, shingo, viganja. Mchumaji naye alikuja akikimbia, akiomba msamaha na kulia.

"Niacheni," Mama akasema. "Nimekaa tu." Akaunyoosha mguu wa kushoto mbele yake, akauangalia, akauchezesha kulia na kushoto. "Umetoka," akasema. "Umeona? Umetoka."

Ndipo nikalia mimi. Alinivuta kichwa akakiweka begani pake, kofia yake ngumu ikanigonga paji la uso, na akamwambia yule mchumaji aache kulia kwa sababu tayari kuna mmoja wa kumtuliza.

Alipanda tena siku hiyo hiyo. Mimi nilikataa na yeye hakuniuliza. Mchumaji alimrudisha yule jike, aliyekuwa akila nyasi kwa utulivu kana kwamba hahusiki, na Mama akatia mguu wake katika kikuku, kisigino chini, tukarudi zizini pole pole huku nimeishika kamba kwa mkono niliouzungushia leso.

Jioni nilimsindikiza nyumbani. Paja lilikuwa limeanza kuvimba na miguu pia, na buti zikakataa kuvulika. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mimi nikampa mgongo, nikauweka mguu wake katikati ya magoti yangu na kushika kisigino kwa mikono miwili, naye akanisukuma kwa mguu mwingine bila huruma. Ya kwanza ilitoka kwa kishindo, nikaenda nayo mpaka kwenye rundo la kuni. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akasema anaumia, akacheka tena.

Ya pili tuliivua taratibu. Soksi yake ilikuwa imetoboka kwenye kile kidole cha kando. Nje ng'ombe walikuwa wameanza kumwita. Alivaa kandambili, akachukua ndoo ya kukamulia, na kuchechemea kwenda kwao, akiniambia niifute buti ile yenye matope kwa kitambaa kikavu na nisiiweke karibu na moto, ngozi isije ikapasuka.